Kuwatambua perege, dagaa na kambale kwenye picha: anza na ngozi, kisha pezi la mgongoni

Kwa sisi tunaonunua samaki tukiwa Mbeya, picha ya simu ndiyo macho yetu ya kwanza. Mzigo unaweza kuwa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, au Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, au kwenye mialo ya Ziwa Rukwa; muuzaji hupiga picha, huandika jina la samaki anaowauza na hungoja jibu. Majina hayo ndipo shida inapoanzia. Samaki mmoja anaitwa perege hapa, sato kule, magege kwa Wanyakyusa na chambo ukivuka mpaka kuingia Malawi, na jina la dagaa hupewa karibu kila samaki mdogo wa rangi ya fedha anayekaushwa. Kwa hiyo mtu anayetegemea jina lililoandikwa chini ya picha hana hakika ya anachonunua. Katika mwongozo huu nitaeleza namna ya kuiuliza picha yenyewe, kwa mpangilio uleule ninaoutumia kila siku ninapoagiza mzigo.

Sitaanza na rangi, na ninaomba msomaji naye aiweke kando kwa sasa. Samaki akishakufa rangi yake hubadilika: mistari ya ubavuni hufifia, wekundu wa kifuani hupauka, na tumbo lililokuwa jeupe huwa la kijivu au la manjano. Zaidi ya hayo, samaki wengi sokoni hupigwa picha chini ya turubai la buluu, na turubai hilo humtia kila samaki ubuluu usio wake. Umbo, ngozi na mapezi havibadilishwi na turubai.

Hatua ya kwanza: pata picha inayojibu maswali

Picha ya beseni lililojaa samaki waliolundikana inaonyesha wingi, lakini haimtambulishi samaki hata mmoja. Mwombe muuzaji achague samaki mmoja wa wastani, asiye mkubwa kuliko wote wala mdogo kuliko wote, amfute maji kwa kitambaa na amlaze ubavu kwenye kitu cha rangi moja, kama kipande cha boksi au gunia safi. Kufuta maji ni muhimu kwa sababu maji yaliyo juu ya ngozi hurudisha mwanga, na mng'ao huo huficha magamba. Nimewahi kuletewa picha ya perege aliyelowa ambaye ubavu wake ulionekana laini kama wa kambale, kisa tu mwanga wa simu ulikuwa umemulika moja kwa moja.

Simu ishikwe juu ya katikati ya samaki, si upande wa kichwa. Mtu akisogeza simu karibu na kichwa ili samaki aonekane mkubwa, kichwa hutanuka na mkia husinyaa, na vipimo vya umbo nitakavyovieleza hapa chini havitakuwa na maana tena. Mapezi yafunuliwe kwa kidole, hasa pezi la mgongoni na la mkia, kwa sababu pezi lililolala juu ya mwili halisomeki. Pembeni kiwekwe kitu ambacho ukubwa wake unajulikana, kama rula, kiberiti au sarafu. Hatimaye, picha ikitumwa kwa WhatsApp, mwombe aitume kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa maana picha ya kawaida hubanwa ikapoteza yale mambo madogo tunayoyatafuta, hasa kwa dagaa.

Ninajua kwamba muuzaji mwenye haraka hatayafanya yote haya. Ikibidi kuchagua, mwombe mambo mawili tu: samaki mmoja aliyelazwa ubavu, na pezi la mgongoni lililofunuliwa.

Hatua ya pili: uliza kama ngozi ina magamba

Hili ndilo swali linalowagawa samaki wetu haraka kuliko jingine lolote. Perege ana magamba makubwa, magumu kidogo, yaliyopangwa kwa safu zinazopandana kama vigae vya paa, na kwenye picha nzuri unaweza kuyahesabu moja moja. Kambale hana gamba hata moja. Ngozi yake ni tupu, laini, imefunikwa ute, na kwenye picha huonekana kama mpira uliolowa, wakati mwingine ikiwa na madoadoa au mabaka ya weusi na ukijani. Dagaa ana magamba madogo na membamba mno yanayometa, na ubavu wake wote huonekana kama bamba la fedha.

Hapa kuna mitego miwili ambayo imewaponza wengi. Mtego wa kwanza ni perege aliyekwisha kuparuliwa magamba. Mtu anaona ngozi haina magamba, anaamua ni samaki wa jamii ya kambale. Angalia tena kwa kuikuza picha: ngozi iliyoparuliwa hubaki na alama za vifuko ambamo magamba yalikuwa yamekaa, na alama hizo hufanya mchoro kama wavu wa matundu ya pembe nne zilizolala upande. Ngozi ya kambale haina wavu huo popote. Mara nyingi mparuaji pia huacha magamba machache mahali ambapo kisu hakifiki vizuri, yaani chini ya pezi la kifuani, kwenye shina la mkia na juu ya kichwa nyuma ya jicho. Tazama sehemu hizo tatu kabla ya kuamua.

Mtego wa pili uko kwa dagaa. Magamba yake hung'oka kwa kuguswa tu, kwa hiyo usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, aliyetolewa kwenye wavu, akatiwa ndooni na kumwagwa kwenye chanja, anaweza kufika kwenye picha akiwa hana magamba karibu yote. Kukosa magamba kwa samaki mdogo wa urefu wa kidole hakumfanyi kuwa mtoto wa kambale. Mtoto wa kambale utamjua kwa sharubu na kwa kichwa kilichobapa, hata akiwa mdogo kiasi gani.

Hatua ya tatu: pima umbo kwa ukingo wa karatasi

Jicho hudanganyika kirahisi, hasa samaki akiwa mnene au akiwa na mayai, na kwa sababu hiyo mimi hupima. Fungua picha iweze kujaa kioo cha simu, kisha chukua ukingo wa karatasi na uweke alama mbili: ncha ya mdomo na shina la mkia, yaani pale nyama inapokoma na pezi la mkia linapoanza. Hayo ni marefu ya mwili. Kisha pima kina cha mwili mahali ambapo mwili ni mpana zaidi, kutoka mgongoni hadi tumboni, bila kuhesabu mapezi. Gawanya marefu kwa kina. Haijalishi kama picha imekuzwa au imepunguzwa, kwa kuwa vipimo vyote viwili hukua na kupungua pamoja.

Tuchukue samaki ambaye kwenye kioo cha simu ana marefu ya milimita 90 na kina cha milimita 39. Jibu ni 2.3, na hilo ni jibu la perege, ambaye mwili wake ni mpana na umebanwa ubavuni kama sahani iliyosimamishwa. Kwa kawaida perege huwa kati ya 2 na 3. Samaki mwingine ana marefu ya milimita 120 na kina cha milimita 18, na jibu ni karibu 6.7: mwili mrefu wa namna hiyo ni wa kambale. Dagaa naye huwa mwembamba, mara nyingi kati ya 4 na 6, kwa hiyo hesabu hii peke yake haiwezi kumtenganisha na kambale mdogo. Ndiyo maana hatua ya ngozi hutangulia.

Hatua ya nne: soma pezi la mgongoni

Kama ningeruhusiwa kutazama sehemu moja tu ya samaki, ningechagua pezi la mgongoni. Kwa perege, pezi hili ni moja na refu, linaanza nyuma kidogo ya kichwa na kufika karibu na mkia. Nusu ya mbele na zaidi ina miiba migumu yenye ncha, inayojipanga kama meno ya kitana, na sehemu ya nyuma ni laini na huchongoka kuelekea mkiani. Mtu yeyote aliyewahi kuosha perege bila uangalifu anaifahamu miiba hiyo kwenye kiganja chake.

Kambale naye ana pezi refu mgongoni, refu hata kuliko la perege, lakini halina mwiba. Linaanza mbali kidogo nyuma ya kichwa na kwenda kama ukanda mmoja laini mpaka linapokaribia mkia. Chini ya mwili kuna pezi jingine refu la namna hiyohiyo linaloanzia nyuma ya tundu la haja, na mkia wenyewe ni wa mviringo, bila panda. Kichwa ni kipana, kigumu na kimebapa kama koleo, na kuzunguka mdomo kuna sharubu nane, yaani jozi nne. Kwenye picha ya ubavuni hutaziona zote nane, lakini ukiona tatu au nne kwa upande mmoja, inatosha.

Nisimame hapa kidogo kwa kambale, kwa kuwa si kila samaki mwenye sharubu na ngozi tupu ndiye kambale tunayemfahamu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Clarias gariepinus. Katika Ziwa Nyasa yupo samaki mkubwa ambaye upande wa Malawi huitwa kampango, na kwenye maji yanayoelekea Rufiji, Mtera ikiwamo, yuko ndugu yake anayeitwa kitoga. Hao nao hawana magamba na wana sharubu nane, na wauzaji wengi huwaita kambale bila nia mbaya. Lakini tazama mgongo: kampango na kitoga wana pezi fupi lililosimama, lenye mwiba mbele yake, na nyuma ya pezi hilo kuna pezi la pili, nene na la nyama, lisilo na mifupa ndani yake. Kambale wa kawaida hana pezi hilo la nyama. Kisha tazama mkia: wa kampango na kitoga umegawanyika panda mbili zilizochongoka, ilhali wa kambale ni mviringo. Kwa hiyo mwenye ngozi tupu, mapezi mawili mgongoni na mkia wa panda asikubaliwe kwa jina la kambale, hata kama muuzaji ana hakika kabisa.

Kambale aliyebanikwa kwa moshi huwa mgumu zaidi kusoma, kwa sababu hukunjwa mkia ukaelekea kichwani, na mapezi huungua au kuvunjika. Hapo ninategemea kichwa. Fuvu la kambale haliharibiwi na moshi: hubaki bamba pana la mfupa, gumu, na kwa kambale mkubwa uso wa bamba hilo una chembechembe za kukwaruza kama msasa. Mwombe muuzaji apige picha ya kichwa kutoka juu.

Hatua ya tano: kwa perege, mstari wa ubavuni na mkia

Samaki wengi wana mstari mwembamba wa vitundu unaopita ubavuni, ambao huwasaidia kuhisi mtikisiko wa maji. Kwa perege na jamii yake yote mstari huu umekatika vipande viwili. Kipande cha kwanza huanzia kwenye kifuniko cha matamvua na kupita juu, karibu na mgongo. Kisha hukoma, na kipande cha pili huanza chini zaidi, katikati ya mwili, na kwenda hadi shina la mkia. Hii ni alama nzuri sana ya kumtofautisha na sangara mdogo anayeletwa kutoka Mwanza, ambaye mstari wake ni mmoja usiokatika na huendelea hadi kwenye pezi la mkia. Sangara pia ana pezi la mgongoni lililokatwa kwa pengo kubwa katikati, kana kwamba ni mawili, na mdomo mpana zaidi.

Ukisharidhika kwamba samaki ni wa jamii ya perege, swali linalofuata kwa wanunuzi wengi ni kama ni sato, yaani Oreochromis niloticus, ambaye pia hufugwa kwenye mabwawa mengi. Funua pezi la mkia kwenye picha. Sato ana mistari myembamba ya wima iliyokolea, inayovuka mkia kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, mmoja baada ya mwingine. Mistari hii ndiyo rangi pekee ninayoiamini, kwa kuwa hubaki hata samaki akishakaa kwenye barafu. Perege wa Ziwa Nyasa wanaoitwa chambo hawana mistari hiyo mkiani. Lakini kuwe na tahadhari: mkia uliochanika au uliokunjamana hauthibitishi lolote, na sato mdogo sana huenda asionyeshe mistari vizuri. Picha ya namna hiyo inatosha kusema ni perege, haitoshi kusema ni perege gani.

Hatua ya sita: dagaa, na pale pezi linaposimama

Sasa tufike mahali penye utata mkubwa. Jina la dagaa linawakusanya samaki ambao si ndugu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, tunaowaita dagaa wa Kigoma, ni wa ukoo wa dagaa wa kweli, ukoo uleule wa dagaa papa wa baharini. Usipa wa Ziwa Nyasa na dagaa wa Ziwa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa, ukoo ambamo yumo pia mbasa wetu wa Kyela. Wote ni wadogo, wembamba na wa rangi ya fedha, na wakishakaushwa na kumwagwa kwenye gunia, mtu asiyejua atasema ni mzigo mmoja.

Tofauti iko kwenye mahali pa pezi la mgongoni. Kwa dagaa wa Kigoma pezi hilo limesimama karibu na katikati ya mwili, juu ya mapezi ya tumboni, na pezi la nyuma ya tundu la haja liko nyuma zaidi, peke yake. Kwa usipa pezi la mgongoni limerudi nyuma sana, likasimama juu ya lile pezi la nyuma ya tundu la haja, hata nusu ya mbele ya mgongo inaonekana tupu. Chora kwa mawazo mstari wa wima unaoshuka kutoka pezi la mgongoni: ukiangukia mapezi ya tumboni, huyo ni wa ukoo wa dagaa wa kweli, ukiangukia pezi la nyuma ya tundu la haja, fikiria usipa au dagaa wa Ziwa Victoria.

Alama ya pili ni tumbo. Dagaa wa Kigoma ana ukingo wa tumbo uliochongoka, wenye magamba madogo magumu yaliyopangwa kama meno ya msumeno mdogo. Ukipitisha ukucha kutoka upande wa mkia kuelekea kichwani, unakwaruza. Tumbo la usipa ni laini. Alama ya tatu ni mstari wa ubavuni: usipa anao, nao umepinda kuelekea chini karibu na tumbo, ilhali dagaa wa Kigoma hana mstari huo mwilini. Kwa samaki mkavu alama hii ya tatu mara nyingi haionekani, na mimi siitegemei.

Nieleze mzigo mmoja niliokaribia kuupokea. Mwanamume mmoja alinitumia picha ya gunia lililofunguliwa mdomo, akaandika kwamba ni usipa mkavu wa Kyela. Samaki walikuwa wakavu vizuri, wanang'aa, bila mchanga, na nilipendezwa nao. Picha ile hata hivyo ilikuwa ya lundo, kwa hiyo nikamwandikia: «Kaka, nichagulie watatu wazima, uwapange juu ya karatasi nyeupe pamoja na kiberiti, unipigie kwa karibu.» Akajibu, «Dada, usipa ni usipa tu, lakini sawa.»

Picha ya pili ilipofika niliikuza na kuanza na yule wa katikati, ambaye hakuwa amevunjika. Kiberiti kilinionyesha kwamba urefu wake ulikuwa kama sentimita 8, na hilo halikunisaidia, kwa sababu usipa pia hufika urefu huo na kuuzidi. Nikapima marefu kwa kina, nikapata karibu 5. Hilo nalo halikunisaidia, kwa sababu wote ni wembamba. Kisha nikatafuta pezi la mgongoni. Lilikuwa limekauka na kulala, lakini shina lake lilionekana kama kijinundu cheusi, na kijinundu hicho kilikuwa karibu na katikati ya mgongo. Nikashuka wima kutoka hapo na kukutana na vishina vya mapezi ya tumboni. Nikawatazama wale wawili wa pembeni, nao walikuwa vivyo hivyo. Nikamwomba jambo la mwisho, apitishe ukucha tumboni kuelekea kichwani. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika: «Wanakwaruza.»

Walikuwa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Yeye mwenyewe alikuwa ameununua mzigo huo kwa mtu mwingine kwa jina la usipa, naye aliudhika kuliko mimi. Samaki walikuwa wazuri, wala sikuwa na ugomvi nao, ila wateja wangu walikuwa wameagiza usipa na wanaijua ladha yake. Ningewapelekea mzigo ule, mwenye kulaumiwa ningekuwa mimi.

Laiti mzigo ule ungekuwa wa dagaa wa Ziwa Victoria, picha isingeniokoa. Dagaa huyo na usipa ni wa ukoo mmoja, wote wawili wana pezi la mgongoni lililorudi nyuma na tumbo laini, na wakiwa wakavu sijawahi kuwatenganisha kwa picha kwa kiwango ninachoweza kukiwekea fedha. Katika hali hiyo ninauliza mzigo umepakiwa wapi na kuomba kilo moja ya mfano niione kwa macho na niipike kabla ya kuagiza gunia. Kuhusu watoto wa mbasa, ambao wakati mwingine huchanganyika na usipa mbichi, wao hujulikana kwa mistari ya wima ya kijivu inayovuka ubavu, jambo ambalo usipa hana.

Pale picha inaposhindwa

Minofu ni mahali ambapo ninakataa kutoa jina. Mnofu uliochunwa ngozi, wa rangi ya waridi iliyopauka, unaweza kuwa wa perege, wa sangara au wa kambale, na alama zote nilizozieleza hapo juu zimebaki kwenye ndoo ya taka ya aliyemchuna. Kama muuzaji anataka jina la samaki liaminiwe, aache kipande cha ngozi kwenye mnofu. Ngozi yenye alama za wavu wa magamba inamwondoa kambale mara moja, ingawa haimtenganishi perege na sangara.

Samaki aliyekatwa vipande si kesi ngumu kiasi hicho, mradi tuombe kipande kinachofaa. Kipande cha katikati hakisemi mengi. Kipande cha mkia kinaonyesha kama mkia ni wa mviringo au wa panda, na kama una mistari ya wima. Kichwa kinaonyesha sharubu, bamba la fuvu na ukubwa wa mdomo. Kwa hiyo ninapoagiza vipande kutoka Rukwa au Mtera, huomba picha ya vichwa na mikia vikiwa vimepangwa pamoja, kisha ninavihesabu. Vichwa 20 vyenye sharubu vikiwa pamoja na mikia 20, ambayo 14 ni ya mviringo na 6 ina panda, vinaonyesha kwamba mzigo unaoitwa wa kambale una samaki 6 wasio kambale wa kawaida, na hapo ninarudi kwa muuzaji kuzungumza bei kabla gari halijaondoka.